Mpango wa Kuondoka Jengoni kwa Dharura, na Zoezi la Jumatano

Kwa wafanyakazi wote, ghorofa ya chini hadi ya saba

Mpango huu unaanza kutumika Jumatatu na unafuta ule wa zamani. Katika zoezi lililopita tulitumia dakika 14 kutoka. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba tulitangaza wote wako salama, kumbe wenzetu wawili walikuwa bado kwenye vyoo vya ghorofa ya nne, ambako king'ora hakisikiki mlango ukifungwa. King'ora cha pili kimeshafungwa pale. Ila mtu haokolewi na king'ora peke yake, ndiyo maana sehemu kubwa ya mpango huu ni kuhusu kutafuta na kuhesabu.

King'ora kikilia

Acha kazi, toka. Usirudi kuchukua begi wala kompyuta. Funga mlango nyuma yako bila kutia ufunguo, maana mlango uliofungwa huchelewesha moshi. Lifti haitumiki kabisa: umeme ukikatika inakwama, na shimo lake linaweza kupitisha moshi. Tumia ngazi iliyo karibu, ya mashariki au ya magharibi. Ukikuta mlango umefungwa na unahofia moto, uguse kwanza kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, geuka, nenda ngazi nyingine. Penye moshi, inama, hewa nafuu iko chini. Atakayeona moto kabla king'ora hakijalia avunje kioo cha kitufe kilicho karibu na ngazi.

Milango ya kuzuia moto kwenye ngazi isiwekewe kabari. Wiki iliyopita niliikuta miwili imeshikiliwa wazi kwa maboksi ya karatasi, na ngazi ikiwa hivyo hugeuka bomba la moshi kwa kila aliye juu.

Wasimamizi wa dharura

Kila ghorofa ina wasimamizi wawili wenye fulana za njano, na msaidizi mmoja wa kushika nafasi ya asiyekuwepo. Wa kwanza ni mkaguzi. Anaanzia pembe iliyo mbali na ngazi, anafungua kila chumba, vyoo, stoo na chumba cha mikutano, anaita kwa sauti, anafunga, anasonga mbele. Wa pili anasimama mlangoni pa ngazi, anawapanga watu washuke upande wa kulia bila kukimbia, na anamsubiri mkaguzi. Mkaguzi akizuiwa na moshi, asiingie. Ataje chumba ambacho hakukifikia. Hiyo ni taarifa tosha, na hakuna atakayemlaumu.

Msimamizi asijaribu kuzima moto isipokuwa ni mdogo, amefunzwa kutumia mtungi, na njia ya kutokea iko nyuma yake.

Wenzetu watatu hawawezi kushuka ngazi wenyewe. Kila mmoja tumeandika naye mpango wake na amechagua wasaidizi wawili. Viti vya kushushia viko ghorofa ya tatu na ya sita. Kama kiti hakijafika, wanangoja kwenye nafasi pana ya ngazi, ndani ya mlango wa kuzuia moto. Msaidizi mmoja anabaki naye, mwingine anampelekea kiongozi mkuu jina la ngazi na namba ya ghorofa.

Mahali pa kukusanyika

Kituo kikuu ni mwisho wa maegesho ya nyuma, penye vibao vya namba za ghorofa. Mara iliyopita wengi walisimama mbele ya lango kuu, chini ya vioo na palepale gari la zimamoto litakapotaka kuegesha. Nilifikiria vituo viwili, kimoja kwa kila ngazi, nikaacha: watu wa ghorofa moja wangegawanyika na hesabu ingevurugika. Upepo ukileta moshi maegeshoni, kiongozi mkuu atatuhamishia kituo cha akiba, uwanja ulio ng'ambo ya barabara.

Kila msimamizi anaita majina ya ghorofa yake. Mapokezi wanatoka na daftari la wageni, na aliyempokea mgeni anatoka naye. Kiongozi mkuu anapiga simu zimamoto mara king'ora kinapolia, kisha anawapokea langoni akiwa na orodha ya wasioonekana na mahali walipoonekana mwisho.

Zoezi

Ni Jumatano, saa nne na nusu asubuhi. Zimamoto wamearifiwa. Ngazi moja itafungwa kwa kibao cha “MOTO HAPA”. Ipi, na ghorofa gani, hamtaambiwa. Mfanyakazi mmoja atajificha, nasi tutapima kama hesabu inagundua pengo. Lengo ni jengo kuwa tupu ndani ya dakika 8, na majina yote kusomwa kufikia dakika ya 12. Waangalizi sita watakuwa na saa na karatasi za kuandikia. Likitokea la kweli katikati, mtasikia “Hili si zoezi” mara tatu.

Saa tano na nusu wasimamizi tunakutana, na kila kasoro itapewa mtu wa kuirekebisha na tarehe.

King'ora kikinyamaza, bado msiingie. Subirini kiongozi mkuu aseme kwa kipaza sauti.