Matundu Kumi na Saba

Kamba ya mkoba wa Mzee Mugisho ilikatika siku ya Jumatano, kwenye ngazi za udongo zinazoteremka kuelekea soko la Kadutu, wakati mvua ilikuwa imetulia kidogo na watu wa Bukavu wameanza tena kupandana na kushukiana kama siafu. Mkoba ulianguka, kifuniko kikafunguka, na daftari la likelemba, ambamo majina ya akina mama ishirini na wanne na michango yao ya kila wiki yalikuwa yameandikwa kwa wino wa buluu, likalala kifudifudi kwenye tope. Muuza sambaza mmoja aliliokota kabla halijakanyagwa, akalipangusa kwa kitenge chake, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili.

"Papa Mugisho," akasema, "huu mkoba umekwisha kukuaga. Uuache uende."

Mzee alishukuru, akaukumbatia mkoba kifuani kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa, akaendelea na safari yake ya kukusanya michango.

Hakuwa mtu wa kwanza kumpa ushauri huo. Mkoba huo ulikuwa wa marehemu baba yake, karani wa mizani katika shamba moja la miti ya kwinini juu ya vilima vya nje ya mji, ambaye aliununua mwaka 1959 na kuubeba kila siku ya kazi hadi alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kupima magome yaliyobanduliwa na kuandika kilo za kila mfanyakazi, kwa maana mshahara ulifuata kilo, na kilo zilifuata kitabu kilichokuwa ndani ya mkoba. Vumbi la magome lilijipenyeza katika ngozi kiasi kwamba Mugisho alipokuwa mtoto, akiuma ncha ya kamba kwa utundu, alipata uchungu uleule wa dawa ya malaria, na mama yake alikuwa akimcheka kwamba sasa hataugua homa mwaka mzima.

Tangu baba alipofariki mwaka 1984, mkoba haukupitisha miaka mitatu bila kushonwa mahali fulani. Bizimu ya kwanza ilipovunjika, iliwekwa nyingine iliyotoka kwenye mkanda wa askari. Kifuniko kilichakaa kabisa, kikabadilishwa mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa mjini na kuuza karibu kila walichobeba, na mzee akanunua kwa mmoja wao kipande cha ngozi ya ng'ombe kilichokuwa kiti. Tetemeko la Februari 2008 liliangusha ukuta wa jikoni juu ya mkoba na kupasua pembe ya chini, nayo ikapata kiraka cheusi ambacho hakikufanana na kitu kingine chochote. Mzee hakujali rangi. Alijali uzi. Mafundi wa viatu pale sokoni walimsihi atumie nailoni ya nyavu, akawajibu kwamba nailoni ni nzuri kwa kiatu kipya, lakini ngozi kuukuu huikata polepole kama uzi ukatavyo bukari uliopoa. Yeye alisokota pamba nyuzi nne, akazipitisha kwenye nta ya nyuki mpaka zikanata vidoleni, na akashona kwa sindano mbili, kila moja ikitokea upande wake kupitia tundu lilelile, ili pindo moja likikatika, lile la upande wa pili libaki limeshika.

Alipoulizwa kwa nini hanunui mwingine, alikuwa na jibu kwa kila muulizaji. Kwa mke wake alisema kwamba pesa hakuna. Kwa paroko alisema kwamba ngozi za siku hizi ni karatasi iliyopakwa rangi. Kwa akina mama wa likelemba alisema kwamba mwizi hawezi kutamani mkoba wa namna hiyo, jibu ambalo liliwaridhisha kuliko yote kwa sababu pesa zilikuwa zao. Yote matatu yalikuwa kweli, na ukweli wa mambo matatu kwa pamoja ulimwezesha kutosema la nne.

Habari za kamba ziliufikia mji wa Goma upesi kuliko boti. Siku ya Jumamosi mwanawe wa kwanza alituma, kwa meli ya usiku, mkoba mpya mweusi wenye zipu tano na mfuko wa ndani wa simu. Mzee aliufungua mbele ya jamaa wote, akazisifu zipu moja baada ya nyingine, akampigia simu mtoto wake na kumbariki kwa maneno marefu. Kisha akatia ndani yake mwavuli, cheti cha ubatizo na miwani yake ya zamani, akautundika msumarini nyuma ya mlango, mahali pa heshima. Nabintu, mjukuu wake wa miaka kumi na minne, aliyekuwa akiishi kwake kwa ajili ya masomo, aliutazama mkoba ule pale ukutani, akaelewa kwamba hautashuka.

Jioni hiyohiyo mzee aliuweka mkoba wa zamani mezani, akaugeuza mgongo wake juu. Hapo ndipo Nabintu alipoona kwamba tatizo halikuwa kamba. Kamba ilikuwa nzima. Kilichoachia ni ulimi mfupi wa ngozi unaoishikilia kamba kwenye mgongo wa mkoba. Ulimi huo ulikuwa umeshikwa na ribiti mbili za shaba, na ribiti zote mbili zilikuwa zimerarua ngozi na kutoka. Kati yao kulikuwa na mshono mmoja wa zamani, wa uzi mnene wa kahawia, uliokwenda upande kama njia ya mlevi na sasa ulikuwa umekatika katikati.

"Huu si wako, Koko," msichana akasema. "Wewe hushoni hivi."

"Si wangu."

"Fundi gani huyu?"

Mzee hakujibu mara moja. Alichukua wembe, akaanza kutoa mabaki ya uzi pindo kwa pindo, akiyapanga juu ya kipande cha gazeti. Uzi ulikuwa wa gunia. Ribiti alizigongelea mwenyewe mwaka ule aliporithi mkoba, ili zibebe uzito na mshono upumzike. Kwa hiyo wale waliostaajabu kwamba mshono mbaya kuliko yote ndio uliodumu kuliko yote, walistaajabia kitu ambacho kilikuwa hakifanyi kazi kwa karibu miaka arobaini.

Umeme ulikatika kabla hajamaliza. Nabintu aliwasha tochi ya simu, akaisogeza karibu, na katika mwanga ule mweupe matundu yakaonekana wazi, yakiwa yamepanuka kidogo na kuwa meusi kingoni. Aliyahesabu kwa ncha ya sindano. Yalikuwa kumi na saba.

"Tungetoboa mengine, yaliyonyooka," akasema. "Nitakuchorea mstari kwa rula."

"Ngozi haifungi tundu," mzee akasema. "Ukilitoboa, limekaa. Ukitoboa mengine pembeni yake, umetengeneza kama yale matobo ya stempu. Utavuta siku moja tu na ulimi wote utabaki mkononi. Tutapita alipopita."

Alikata kiraka kipya cha ngozi nyembamba, akakibandika kwa gundi upande wa ndani, akakibana kwa jiwe la kusagia pilipili kwa muda wa nusu saa. Wakati wakisubiri gundi ishike ndipo aliposimulia, bila kuulizwa mara ya pili, huku akiendelea kusokota pamba juu ya paja lake.

Ilikuwa Agosti 1967, mamluki wa Schramme walipoingia Bukavu. Baba yake aliwatoa watu wote nyumbani usiku, wakashika njia ya Walungu kwa miguu, mama akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, baba akiwa na mkoba. Ndani ya mkoba hamkuwa na chakula wala nguo. Kulikuwa na kitabu cha mizani, chenye kilo za mwezi mzima ambazo wafanyakazi walikuwa hawajalipwa, na mama, ambaye alikuwa mpole siku zote, alimwuliza mara moja tu kama watoto watakula kitabu. Usiku wa pili ulimi ulikatika. Baba aliazima sindano ya kushonea magunia kwa watu waliolala nao katika banda moja, akachomoa nyuzi kwenye gunia tupu, akakaa chini. Mugisho, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alipewa kandili aishike.

"Mikono yake ilizoea kalamu," mzee akasema. "Hakujua kushona hata kifungo. Alisema, hii ni ya kufikia tu, tukirudi nitampa fundi. Tulirudi Desemba, mamluki wakiwa wamekwisha kuondoka mwezi uliotangulia. Shamba lilipofunguliwa, kitabu kile ndicho kilichotumika kuwalipa watu. Kwa fundi hakwenda. Kila nilipomkumbusha alisema, mbona umeshika?"

Jiwe liliondolewa. Nabintu alitia uzi katika sindano zote mbili, kwa kuwa macho ya mzee hayakuweza tena kazi hiyo usiku, kisha akarudi kushika simu. Mzee alianza kutoka kushoto, mahali ambapo baba yake alianzia. Kwa kila tundu alitanguliza kitoboleo, si kutoboa ngozi ya zamani bali kulifuata tundu lake mpaka kwenye kiraka kipya, kisha sindano mbili zikapishana, kisha akavuta kwa mikono yote miwili hadi uzi ukalia. Mstari ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Mikono iliyoshona kwa unyofu miaka arobaini ililazimika kujifunza kupinda. Alipofika tundu la tano alilowanisha kidole gumba kwa ulimi, akakipitisha juu ya ngozi, akakirudisha mdomoni, na uso wake ukajikunja.

"Bado ni chungu?" Nabintu akauliza.

"Kidogo. Upande huu haukupata mvua sana."

Baada ya tundu la kumi na moja aliacha. Kutoka hapo hadi la kumi na mbili palikuwa na nafasi pana, mara tatu ya nafasi nyingine zote, na tundu lenyewe lilikuwa chini ya mstari, kana kwamba sindano iliingia popote ilipoangukia. Msichana aliinama.

"Hapa angalau tuongeze moja katikati, Koko. Si utaachia tena hapahapa?"

"Hapana. Hapo nilisinzia," mzee akasema. "Kandili iliinama, akashona gizani. Hakuniamsha."

Nabintu alibadilisha mkono, akaushika ule wenye simu kwa mkono wake mwingine, chini ya kiwiko, ili mwanga usitikisike. Mzee aliivusha sindano ya kwanza hadi tundu la kumi na mbili.