Ujumbe wa Neema kwa bosi wake, kabla na baada ya dada yake kuupitia

Rasimu, Jumanne alfajiri, Pasua, Moshi:

"Shikamoo mama, samahani sana kwa usumbufu najua ni mapema na pengine bado umelala. Mama sijui nianzie wapi. Jumamosi nilikwenda Marangu kwenye msiba wa mjomba, tukanyeshewa kwenye bodaboda, nikala mtori na mbege kidogo, kikombe kimoja tu, Jumapili nikaanza kusikia baridi nikadhani ni ile mvua. Jana si uliniona na sweta mchana kutwa? Nimetapika mara mbili, tumbo nalo limeachia, samahani kwa kukuambia hayo. Sio kwamba natega mama, Mungu ni shahidi, najua wapo wanaoumwa siku mzigo unashuka lakini mimi si wa hivyo, hata mwaka jana nilikuja na jino limevimba. Jioni nikaenda zahanati wakanipima wakasema malaria, nikapewa mseto, vidonge vinne asubuhi vinne jioni, daktari kasema nipumzike siku tatu lakini ukiona ni nyingi nitajikaza nije kesho nikae tu kwenye kiti. Naomba usinikasirikie."

Dada yake, baada ya kutumiwa kwanza:

"We Neema, unaomba ruhusa au unaungama? Toa msiba, toa tumbo. Mbege ndiyo kabisa, maana hiyo tu ndiyo atakayoikumbuka. Na mtu hakuwaza kutega mpaka ulipomtajia. Siku tatu kazitoa daktari, usianze kushusha bei kama uko Mbuyuni. Sheria ya ajira ya 2004 inakupa hadi siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, ila cheti kiwepo. Kipige picha. Halafu simenti anapokea nani? Bosi hilo ndilo litamtoa kitandani, na wewe hukuligusa!"

Uliotumwa, saa 12:20 asubuhi:

"Shikamoo mama. Ni Neema wa stoo. Jana jioni nimepimwa na kukutwa na malaria. Daktari amenipa mapumziko ya siku 3, kuanzia leo hadi Alhamisi; picha ya cheti hii hapa, chenyewe nitakuja nacho. Naomba ruhusa yako, nategemea kuripoti Ijumaa asubuhi.

Mzigo wa simenti wa leo, mifuko 600, Juma amekubali kuupokea. Atapitia funguo kwangu kabla ya saa 1:30. Leja iko droo ya juu, nimeijaza hadi jana. Likitokea la haraka nipigie tu. Asante mama."

Saa 12:31 likaja jibu:

"Marahaba. Pole sana mwanangu, maliza dozi. Mwambie Juma ahesabu mifuko kwanza ndipo asaini."