Barua ya Kuwasilisha Makala kwa Jarida la Kiswahili

Idara ya Kiswahili,
Chuo Kikuu cha Dodoma,
Dodoma.

14 Machi 2024

Mhariri Mkuu,
Jarida la Kiswahili,
Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI),
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam,
S.L.P. 35110,
Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri,

YAH: KUWASILISHA MAKALA “MBUZI WANGU, MBUZI ZANGU: UPATANISHO WA VIMILIKISHI NA NOMINO ZA WANYAMA KATIKA KISWAHILI”

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kuwasilisha makala iliyoambatishwa na barua hii ili ifikiriwe kuchapishwa katika Jarida la Kiswahili.

Makala inashughulikia jambo ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili hulisikia, lakini vitabu vingi vya sarufi hulipita kwa kuliita jambo lisilofuata kanuni. Nomino kama mbuzi, kuku na ng'ombe hupatana na kitenzi kwa a- na wa-, kwa hiyo tunasema “mbuzi amekufa” na “mbuzi wamekufa”. Hata hivyo, inapofika kwenye umilikishi, mzungumzaji yuleyule atasema “mbuzi wangu amekufa” katika umoja, na katika wingi mara nyingi atasema “mbuzi zangu wamekufa”, akichanganya ngeli mbili katika sentensi moja bila kuona kasoro yoyote. Wapo pia wanaosema “mbuzi wangu wamekufa”, na makala haiwahukumu.

Hoja yangu ni kwamba mchanganyiko huo una utaratibu. Nomino hizi hazibadiliki umbo katika wingi, na kimilikishi cha ngeli ya a-/wa- nacho hakibadiliki: tunasema “mtoto wangu” na “watoto wangu”. Kwa mtoto hakuna tatizo, kwa kuwa nomino yenyewe inaonyesha idadi. Kwa mbuzi, msikilizaji aliyeambiwa “nimeuza mbuzi wangu” hawezi kujua kama ameuzwa mmoja au kundi zima. “Nimeuza mbuzi zangu” inaondoa utata huo. Hali ni hiyohiyo kwa -a unganifu, ndiyo maana husikika “mbuzi za Juma”. Lakini pale ambapo umoja na wingi wa a-/wa- hutofautiana, kama katika “mbuzi huyu” na “mbuzi hawa”, au “mkubwa” na “wakubwa”, Kiswahili Sanifu hakihitaji msaada wa z-, wala hakiutumii. Kwa maneno mengine, z- huingia mahali hasa ambapo wa- imeshindwa kutofautisha idadi, na huu ndio mchango mkuu wa makala.

Istilahi za undugu na urafiki nimezitenga katika sehemu yake kwa makusudi. “Rafiki yangu” hutumia y- hata katika umoja, na “marafiki zangu” hubaki na z- ingawa ma- imekwisha kuonyesha wingi, kwa hiyo maelezo ya idadi peke yake hayatoshi. Nimeona ni afadhali kuonyesha wazi mpaka wa hoja kuliko kulazimisha kanuni moja ifunike kila kitu.

Data imetokana na mazungumzo ya wauzaji na wanunuzi katika mnada wa mifugo wa Pugu, Dar es Salaam, yaliyorekodiwa kwa ridhaa yao, pamoja na matini zilizochapishwa. Mnada huo huwakutanisha watu ambao wengi wao Kiswahili ni lugha yao ya pili, na makala inajadili jinsi hali hiyo inavyoathiri tafsiri ya data.

Nimechagua jarida lenu kwa sababu suala hili linawagusa moja kwa moja wasomaji wake, ambao ni wanasarufi, walimu na watunga kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo taasisi yenu, wakati huo ikijulikana kama TUKI, iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, huonyesha nomino hizi kwa alama ya [a-/wa-]. Alama hiyo humwongoza vyema mtumiaji kwenye kitenzi, ila haimwambii lolote kuhusu kimilikishi, na mwanafunzi wa Kiswahili kama lugha ya kigeni hukwama hapohapo. Makala inapendekeza namna fupi ya kuongeza taarifa hiyo katika kidahizo.

Nathibitisha kwamba makala hii ni kazi yangu mwenyewe, haijachapishwa popote na haijawasilishwa kwa jarida jingine. Sina mgongano wowote wa maslahi. Jina langu limo katika barua hii tu. Nimeliondoa katika makala ili watathmini waisome bila kumjua mwandishi. Niko tayari kuifanyia marekebisho nitakayoelekezwa, na rekodi za sauti zinaweza kutolewa kwa watathmini wakizihitaji, baada ya majina ya wazungumzaji kufichwa.

Natanguliza shukrani.

Wako katika ujenzi wa taaluma,

Rehema S. Mwakalinga
Mhadhiri Msaidizi, Idara ya Kiswahili