Mgunga na sisimizi wake: ujira, ulinzi na pale unyonyaji unapoanzia

Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Laikipia, nchini Kenya, kuna aina moja ya mgunga ambayo karibu peke yake ndiyo msitu. Wataalamu wanauita Vachellia drepanolobium. Kabla ya majina kubadilishwa ulikuwa Acacia drepanolobium. Sehemu ya miiba yake huvimba chini na kuwa vinundu vilivyo wazi ndani. Vikiwa vichanga huwa laini na vya kijani au zambarau, kisha hukauka na kuwa vyeusi na vigumu. Sisimizi huvitoboa matundu, wakaingia na kuzalia humo, na upepo ukipita kwenye matundu hayo mti hupiga mluzi. Shika tawi kwa ghafla ulitikise: baada ya sekunde chache wanamiminika kutoka vinunduni, mikia juu, wakipanda mkono na kuuma.

Maelezo ya kawaida ya jambo hili ni mafupi. Mti unatoa nyumba na nekta kutoka vitezi vilivyo kwenye vikonyo vya majani, sisimizi wanatoa ulinzi, wote wanafaidika. Si uongo, lakini ni hesabu iliyofungwa kabla ya kujumlishwa.

Tuanze na upande wa matumizi. Nekta ni sukari, na sukari hiyo mti umeitengeneza kwa mwanga na maji katika udongo unaopasuka wakati wa kiangazi. Kila kinundu ni mbao ambayo haikuwa tawi wala jani. Baadhi ya sisimizi hufuga wadudu gamba wanaofyonza utomvu wa mti, kisha wao hula majimaji matamu yanayotolewa na wadudu hao. Hilo ni tozo la pili ambalo mti haukuidhinisha. Mapato yapo upande mmoja tu: majani, magome na machipukizi ambayo yangeliwa na hayakuliwa. Kwa hiyo faida ya mti inaweza kuandikwa hivi:

faida = (uwezekano wa kushambuliwa × ukubwa wa hasara × sehemu ya hasara inayozuiwa) − gharama

Yaliyo ndani ya mabano yanategemea nani anapita karibu na mti. Gharama haimtegemei mpita njia: inalipwa kila siku, tembo awepo asiwepo. Uwezekano wa kushambuliwa ukishuka hadi karibu na sifuri, mlinzi bora kabisa anageuka mzigo bila yeye mwenyewe kubadilisha tabia yake hata kidogo. Ndiyo maana swali la kama sisimizi fulani ni mshirika au mnyonyaji halina jibu mpaka utaje mahali, msimu na wanyama waliopo.

Pale Laikipia jambo hili limepimwa kwa uzio. Tangu mwaka 1995 kuna jaribio la muda mrefu katika eneo la kituo cha utafiti cha Mpala: viwanja 18, kila kimoja hekta 4, ambapo wanyama wakubwa wa porini, tembo na twiga, na ng'ombe wanaruhusiwa au kuzuiwa kwa mpangilio tofauti. Matokeo ya takribani miaka 10 yalichapishwa mwaka 2008 na Todd Palmer na wenzake. Mtu angetarajia kwamba miti isiyoliwa ingenawiri. Kinyume chake, miti iliyozungushiwa uzio ilipunguza nekta na vinundu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiila. Sisimizi Crematogaster mimosae, ambaye ndiye mlinzi mkuu na anakalia zaidi ya nusu ya miti, alipopunguziwa ujira akaongeza ufugaji wa wadudu gamba, akawa mvivu wa kutoka kupigana, na akaanza kupoteza miti kwa mpinzani wake, Crematogaster sjostedti.

Huyu sjostedti hakai vinunduni. Anakaa kwenye mashimo ya shina yanayochimbwa na mabuu ya mbawakawa wenye papasi ndefu, hivyo hana sababu ya kuwafukuza mbawakawa hao. Mashambulizi yao ndiyo yanayomjengea nyumba. Miti aliyoikalia ilikua polepole zaidi na ilikufa mara nyingi zaidi. Kumwondoa mla majani kukaishia kumkaribisha mla mbao.

Hapa ndipo lugha ya usaliti inapokwama. Nani alivunja mkataba kwanza? Mti ulibana matumizi, sisimizi akatafuta kipato kingine, mwenye nguvu akachukua nafasi. Kila mmoja alifanya lililomfaa kwa wakati ule. Kumwita mmoja wao tapeli ni kuingiza nia mahali ambapo pana mabadiliko ya bei tu.

Lakini kuna unyonyaji ambao hautokani na bei. Mzizi wake ni huu: mti huzaliana kwa mbegu, na sisimizi huzaliana kwa kurusha malkia wenye mabawa ambao huenda kutafuta mti mwingine wowote. Watoto wa sisimizi hawarithi watoto wa mti. Kwa hiyo sisimizi ana maslahi katika mwili wa mti alio nao leo, yaani vinundu vingi na majani yenye nekta, na hana maslahi yoyote katika maua yake. Kila ua ni rasilimali iliyotoka nje ya nyumba. Ukiielewa tofauti hii moja, tabia mbaya zaidi za sisimizi hazishangazi tena.

Crematogaster nigriceps anaionyesha wazi. Yeye hulinda majani kwa ukali sana, lakini pia hukata machipukizi ya pembeni yaliyo kwapani mwa majani, na kwa kufanya hivyo huondoa matumba ya maua. Mti alioukalia unabaki na majani mengi bila maganda ya mbegu, na umbo lake hubana badala ya kutanuka. Ukataji huo una sababu ya kijeshi. Katika ngazi ya nguvu, sjostedti yuko juu, kisha mimosae, kisha nigriceps, na chini kabisa Tetraponera penzigi. Matawi mawili yakigusana, koloni lenye nguvu huvuka na kuchukua mti wa jirani. Nigriceps anapunguza matawi ya pembeni ili asiguswe. Gharama ya ulinzi wa mipaka yake inalipwa na uzazi wa mti.

Penzigi naye, aliye mnyonge kuliko wote, huharibu vitezi vya nekta ili mti usiwavutie wenye nguvu, na matundu ya vinundu vyake huyaacha madogo kiasi kwamba Crematogaster hawawezi kupita.

Kwa hesabu ya mwaka mmoja, basi, nigriceps ni mnyonyaji wa daraja la kwanza: mti usio na mbegu ni mti usio na kizazi. Lakini mgunga huishi miongo mingi na hubadilisha wapangaji, na uteuzi wa asili hauangalii mwaka mmoja. Mwaka 2010 Palmer na wenzake walitumia takwimu zilizokusanywa kwa muda mrefu kukadiria mafanikio ya mti kwa maisha yake yote. Walikuta kwamba mti unaopitia mikononi mwa sisimizi kadhaa tofauti, wakiwemo yule anayehasi na yule anayepunguza uhai wa mti, hupata mafanikio makubwa zaidi kwa jumla. Mti mchanga hauna cha kupoteza kwenye maua. Unachohitaji ni kutoliwa mpaka uwe mrefu. Mti mkubwa unaweza kuvumilia mlinzi dhaifu huku ukitoa mbegu. Hasara ileile, ikija katika umri tofauti, ina uzito tofauti.

Ninaona hili ndilo somo lililopuuzwa zaidi katika mjadala wote. Watafiti wengi bado hupima kwa msimu mmoja au miwili, kisha huandika "mshirika" au "mnyonyaji" kana kwamba ni sifa ya spishi.

Upimaji wenyewe una mitego yake. Njia ya kawaida ni kuondoa sisimizi kwenye baadhi ya miti kwa moshi au dawa ya wadudu, kupaka gundi kuzunguka shina ili wasirudi, kisha kulinganisha na miti iliyoachwa nao. Dawa huua pia viwavi na mbawakawa, hivyo mti usio na sisimizi huonekana kufanya vizuri kuliko unavyostahili. Gundi hujaa vumbi, na unyasi mmoja ulioinama juu yake hutosha kuwa daraja. Tatizo kubwa zaidi ni la kulinganisha: miti mitupu ni adimu mno pale, maana karibu kila mgunga una koloni. Kuuliza "nigriceps ana faida kuliko kutokuwa na sisimizi?" ni swali moja, kuuliza "ana faida kuliko mimosae?" ni lingine, na majibu yanaweza kupingana bila mmoja kuwa na kosa. Sisimizi anaweza kuwa bora kuliko utupu na bado akawa hasara, ikiwa amemzuia aliye bora kuingia.

Mimea mingine ina njia ya kujibu. Katika Amazoni ya Brazili, Hirtella myrmecophila huishi na sisimizi wa jenasi Allomerus ambao huharibu maua. Mmea huo hudondosha mifuko ya majani yake yaliyozeeka. Kwenye matawi ya zamani sisimizi hawana tena makao, na hapo ndipo maua hupona. Kule Meksiko na Amerika ya Kati, mgunga Vachellia cornigera huwapa sisimizi wake Pseudomyrmex ferrugineus nekta ambayo sukrosi yake imekwisha kuvunjwa, pamoja na kimeng'enya kinachozima uwezo wao wa kuivunja wenyewe. Sisimizi aliyekulia hapo anategemea meza ya mwenyeji wake. Katika uhusiano huo, ni vigumu kusema kwa uhakika nani anamnyonya nani.

Mgunga wa Laikipia hauna nyenzo kali hivyo. Unachoweza ni kuongeza au kupunguza malipo. Hilo linatosha maadamu anayelipwa ni yule anayelinda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliingia Pheidole megacephala, sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa, akaua makoloni ya Crematogaster. Yeye huzalia ardhini, hahitaji vinundu, na hamzuii tembo. Tembo, ambao kwa kawaida huepuka mgunga wenye sisimizi kwa sababu ya ndani laini ya mkonga, waliivunja miti katika maeneo yaliyovamiwa mara 5 hadi 7 zaidi ya kwingine. Utafiti wa mwaka 2024 katika hifadhi ya Ol Pejeta ulionyesha kwamba mahali miti ilipopungua simba walikosa maficho, wakaua punda milia wachache zaidi, na sehemu ya nyati katika mawindo yao ikaongezeka. Pheidole hana mkataba wa kuvunja, wala mgunga hauna malipo ya kumnyima.