Utambulisho wa Mgeni Rasmi, Siku ya Michezo ya Wafanyakazi

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzangu wa zamu zote, na ninyi watoto mliokuja kuona kama ni kweli baba anajua kukimbia: habari za asubuhi!

Sijasikia. Wale wa uhasibu mmekaa kimya kama mnafunga mahesabu ya mwezi. Habari za asubuhi!

Ahsanteni. Nilikuwa nimeandika hapa salamu za ukurasa mzima, kila mkuu na cheo chake, nikazifuta. Itifaki imezingatiwa. Wengi wenu mmeshapasha misuli joto, na nikizungumza sana itapoa. Isitoshe, jana jioni mgeni wetu alinipigia simu akauliza, "Hotuba yako ya kunitambulisha ni dakika ngapi?" Nikamwambia kumi. Akanyamaza. Nikasema saba. Akanyamaza tena. Nikasema, basi Mwalimu, tano. Akajibu, "Haya, tutaonana asubuhi," akakata simu.

Jina lake kamili mnalo kwenye ratiba mkononi. Tulipompelekea rasimu ya ratiba hiyo tulikuwa tumemwita Mheshimiwa. Ilirudi neno hilo limekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake limeandikwa "Mwalimu". Kwa hiyo leo hakuna Mheshimiwa hapa, yuko Mwalimu. Alikuwa mkimbiaji wa mbio za kupokezana vijiti, zile za watu wanne, kila mmoja mita 100. Alipotundika viatu hakwenda mbali na uwanja. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akifundisha watoto wa shule kukimbia, asubuhi kabla ya vipindi na jioni baada ya vipindi.

Sasa niwaambie tulivyompata.

Kamati ya michezo ilinituma mimi na ndugu yetu mmoja wa uhasibu, ambaye simtaji kwa kuwa ameniomba nisimtaje, yule pale aliyeinamisha kofia. Tulivaa vizuri, tukabeba barua ya mwaliko kwenye bahasha. Tukamkuta uwanjani, amepiga magoti, anachora mstari kwa chaki, kipande cha bomba la plastiki amekibana kwapani. Bila kunyanyuka akasema, "Mmekuja wawili? Vizuri. Mmoja asimame hapa, mwingine arudi nyuma hatua ishirini."

Kumbe lile bomba ndilo kijiti. Amelikata mwenyewe kwa msumeno, akalisugua ncha zisimkwaruze mtoto, likawa karibu sentimita 30, urefu ule ule wa kijiti cha mashindano makubwa. Basi tukakimbia, na suruali zetu za kazini, mbele ya watoto arobaini. Mara ya kwanza kijiti kikaanguka. Mara ya pili kikaanguka, na mimi karibu nikiangukie. Watoto wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mwalimu hakucheka. Alinijia, akanishika kiwiko, akaunyoosha mkono wangu nyuma, kiganja wazi, kidole gumba mbali na vingine. Akaniambia, "Kosa si lake. Kosa ni lako wewe unayepokea. Unageuka kumtazama. Ukigeuka unapunguza mwendo, na mwenzako anajua humwamini. Angalia mbele. Ukisikia anaita 'Mkono!' toa mkono, halafu uache hapo hapo. Yeye ndiye atakayeutafuta."

Mara ya tatu sikugeuka. Nilisikia "Mkono!", nikautoa, na bomba likatua kiganjani, pa! Wale watoto waliokuwa wakitucheka wakapiga makofi. Niseme kweli, nina miaka tisa kwenye kampuni hii, nimepandishwa cheo mara mbili, na sijui kama niliwahi kufurahi vile.

Barua tulimpa baadaye, tukihema. Aliisoma, akauliza swali moja tu: "Kwenye timu zenu za kijiti, nani anakimbia wa tatu?"

Hatukuwa na jibu. Tulijua nani wa mwisho, maana kila idara imemficha mtu wake wa mwisho kama siri ya biashara. Wa tatu tulikuwa bado hatujamfikiria. Akatikisa kichwa, akaingia kibanda cha vifaa, akatoka na picha ya zamani imewekwa kwenye mfuko wa plastiki. Ni picha ya timu yake siku waliyoshinda. Dada aliyekimbia wa mwisho yuko katikati, kifua mbele, utepe unamkatikia mwilini. Na pembeni kabisa mwa picha, upande wa kushoto, kuna kiwiko.

"Hicho," akasema, "ndicho mimi."

Miaka yake yote ya mashindano alikimbia nafasi ya tatu. Wanaofuatilia riadha wanaijua nafasi hiyo. Unakimbia kwenye kona, ambako mwili unavutwa nje na wewe unauvuta ndani. Unapokea kijiti na unakitoa, kazi mbili ndani ya sekunde kumi na kidogo. Ukimaliza, watu wote wameshageukia upande wa mwisho, wewe unabaki unapunguza mwendo peke yako. Watu wa zamu ya usiku, mnaopakia mzigo saa kumi alfajiri ili dereva akifika saa kumi na mbili akute kila kitu kiko tayari, nadhani mnamwelewa Mwalimu kuliko sisi wengine wote.

Kuna hesabu moja alitufanyia kwa chaki palepale chini, nikainakili. Mtu aliyekimbia mita 100 haraka kuliko binadamu yeyote ni Usain Bolt, sekunde 9.58, Berlin, mwaka 2009. Rekodi ya dunia ya watu wanne wa kijiti ni ya Jamaika, sekunde 36.84, London, mwaka 2012, naye Bolt alikuwa mmoja wao. Gawanya kwa nne. Unapata 9.21 kwa kila mmoja. Hakuna mtu aliyewahi kukimbia mita 100 kwa sekunde 9.21 peke yake, hata Bolt. Siri ni kwamba ni wa kwanza tu anayeanza akiwa amesimama. Wengine watatu wanapokea kijiti tayari wako kwenye mwendo. Ndugu yangu wa uhasibu aliirudia hesabu hiyo kwenye simu yake mara mbili, akakubali.

Huyo ndiye tuliyemleta. Hakuja kukata utepe. Ameshanidokeza kwamba fulana ya michezo iko ndani ya hilo koti, na filimbi mnaiona shingoni.

Mabibi na mabwana, watoto, madereva, walinzi, na ninyi wa uhasibu, naomba tusimame tumkaribishe mgeni rasmi wetu. Mwalimu, karibu sana, uwanja ni wako!

(Baada ya mgeni rasmi kuzungumza)

Mwalimu, ahsante sana. Dakika tatu na nusu, nimepima. Wakuu wa idara, mmeona inawezekana.

Kabla hatujamwomba afungue michezo rasmi, nina machache ya kamati, na baadhi yananihusu mimi mwenyewe.

Nimekuwa nikiwasikia tangu wiki iliyopita kwenye lifti. "Mimi sikimbii, nitawaaibisha." "Mimi kijiti kitanianguka." Sasa sikilizeni, maana hili nimemuuliza Mwalimu na amenithibitishia: kijiti kikianguka, mbio hazijaisha. Kanuni inasema aliyekiangusha akiokote mwenyewe na aendelee, ilimradi asimzuie mwingine wala asifupishe njia. Na msidhani kinawaangukia wa ofisini tu. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, timu za Marekani za wanaume na za wanawake, watu waliokuwa wakitegemewa kurudi na medali, ziliangusha vijiti hatua ya mchujo, zote mbili. Kwa hiyo dada yangu wa mapokezi, kikianguka, inama, kiokote, tutakungoja. Tutacheka kidogo, halafu tutakungoja.

Wale wa kuvuta kamba, mnaojiona mnafanya mchezo wa kitoto, huo ulikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia mwaka 1900 hadi 1920. Simameni kwa heshima yake. Glavu ziko mezani kwa mtu wa huduma ya kwanza, na hakuna kujizungushia kamba mkononi, hata kama timu yako inaburutwa. Kamba ikivutwa ghafla, vidole havina pa kutokea. Hilo silitanii.

Mwenye shinikizo la damu, mwenye goti lililowahi kufanyiwa upasuaji, mjamzito, yeyote mwenye shaka na mwili wake, kuna kazi ya kuhesabu alama, kuna kazi ya kushika saa, na kuna kazi ya kushangilia, ambayo kwa idara nyingine naona ndiyo itakayoamua mshindi. Maji yako kwenye madumu ya bluu. Kunyweni kabla ya kiu.

Wakuu wetu nao wana timu yao. Mkurugenzi amekubali kukimbia, na amekubali pia kwamba akishindwa na timu ya usafi, Jumatatu asubuhi atawaletea chai yeye mwenyewe, sinia mkononi. Nimeliandika, lina saini.

Haya. Timu za kijiti, ingieni kwenye nafasi zenu. Wa kwanza, kwenye mstari mweupe. Wa pili, pale kwenye bendera ya njano. Wa mwisho mnajijua, mmeshaanza kujinyoosha tangu saa moja. Na wa tatu, mlioko huko kwenye kona, mbali na jukwaa, nyanyueni mikono juu tuwaone. Juu zaidi! Mpiga picha, tafadhali, anza na hao.

Mwalimu, filimbi.