Umeamka?

Shoga yangu wa moyoni,

Heri ya mwaka mpya. Najua saa hizi simu yako imejaa picha za maua na salamu za kusambazwa, nami nimeona nikuandikie kwa maneno yangu mwenyewe, hata kama utayasoma kesho ukishapata usingizi.

Mwaka huu umetuchapa, lakini tumeuvuka. Mwezi wa tatu nilipopunguzwa kazini nilijifungia ndani, sikutaka kuonana na mtu. Hukuniuliza nina mpango gani, wala hukunihubiria subira. Ulianza tu kunitumia neno moja kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu: "Umeamka?" Siku nyingine nilijibu "nimeamka" huku nimejifunika shuka gubigubi. Baadaye nikaona haya kukudanganya, nikawa naamka kweli. Sidhani kama unajua neno lile lilinibeba kiasi gani.

Kisha zamu ikawa yako. Wiki zote sita mama alizolazwa nakukumbuka kwenye benchi la wodini, viatu umevua, daftari la dawa mapajani, unaandika saa na idadi ya vidonge kwa mwandiko uleule wa tangu tuko shule. Kuna jambo sijakuambia. Usiku ule nilipokupokea ili ukalale kidogo, mama alinishika mkono akidhani mimi ni wewe. Akasema, "Umekonda, mwanangu. Nenda kale." Sikumsahihisha, nikamwitikia, "Naam, mama." Siku tatu baadaye akatutoka, nami nikashindwa pa kuanzia kukueleza. Maneno yale yalikuwa yako, shoga. Nimekuwekea tangu siku ile, yapokee leo. Mungu amlaze pema.

Kuhusu kununiana kwetu Agosti, kosa lilikuwa langu. Wewe uko kwenye msiba, mimi nakaa kuhesabu simu zangu usizopokea! Ulishanisamehe, najua, lakini nataka uwe nalo kwa maandishi.

Na Oktoba je, uliponipigia umefaulu mtihani wa udereva mara ya tatu, unalia na kucheka kwa pamoja mpaka sikuelewa ni heri au shari? Nilikaa chini pale pale nilipokuwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kukusikia ukicheka kwa sauti yako ile ya zamani.

Jumatatu naanza kazi mpya. Nina woga kidogo, lakini nimejiandaa. Wewe najua siku hizi asubuhi ndizo nzito, ile saa uliyozoea kumpigia mama kumjulia hali. Basi kuanzia kesho tubadilishane: mwenye kuuliza ni mimi. Saa kumi na mbili na nusu weka simu karibu. Ukitaka kurudi kulala, rudi, ila nijibu kwanza.

Nakupenda sana,
Shoga yako