Mauzo kwa daftari mpaka mfumo wa kaunta utengemae

Habari za jioni nyote,

Mmeona wenyewe leo mchana. Mfumo wa kaunta ukichanganyiwa jumla na rejareja kwenye bili moja, kila kinachofuata baada ya kitu cha jumla unakipiga kwa bei ya jumla. Mteja akibeba katoni ya sabuni, halafu akaongeza kilo mbili za sukari, sukari nayo inatoka kwa bei ya jumla, na skrini haitoi onyo lolote. Fundi anasema marekebisho yatakuwa tayari Alhamisi. Mimi siahidi siku. Mpaka niwaandikie hapa kuwa limekwisha, tunauza kwa daftari.

Kompyuta iwashwe kama kawaida, ila ni ya kuangalia bei tu. Asiingize mtu mauzo humo, hata mteja mmoja. Kila usiku mimi na Dada Neema tutaingiza mauzo ya daftari, kwa hiyo ukiyaingiza na wewe, mzigo utapungua mara mbili kwenye hesabu ya stoo.

Kila bili iandikwe kwenye daftari la kopi mbili, kaboni katikati: kitu, idadi, J au R, bei, jumla. Mfano: sabuni katoni 1, J, 38,000, sukari kilo 2, R, 3,200 kwa kilo, 6,400. Jumla 44,400. Bili ikizidi vitu vitano, piga kikokotoo mara mbili kabla ya kumtajia mteja. Na tafadhali, mwandiko usomeke. 1 na 7 za Kaka Hamisi mnazijua.

Mashine ya EFD inajitegemea na haina tatizo. Risiti itolewe kwa kila mauzo, hata ya kiberiti, hata mteja akisema haihitaji. Andikeni namba ya risiti pembeni ya bili. Ripoti ya Z itolewe jioni kama siku zote.

Anayelipa kwa simu, subirini ujumbe uingie kwenye simu ya duka. Ujumbe wa kuonyeshwa kwenye simu yake hautoshi. Kwenye bili wekeni M na herufi nne za mwisho za muamala.

Mkopo umesimama kwa sasa, isipokuwa wa mama lishe wawili wa jirani, nao wasaini kwenye kopi yetu.

Kufunga hesabu, Neema na Hamisi wahesabu pamoja: fedha taslimu na za simu, toa chenji ya asubuhi na mikopo iliyolipwa, jumlisha bili za mkopo za siku hiyo. Zilingane na daftari na Z. Zisipolingana, andikeni tofauti ilivyo, msijazie kutoka mfukoni. Sitamkata mtu mshahara kwa kosa la kujumlisha. Pungufu lililofichwa, hapo tutazungumza vingine.

Madaftari, kaboni na kikokotoo cha pili viko droo ya chini ya kaunta. Ufunguo anao Hamisi.